Jina ni Lako, Saini ni ya Mama

Wanachuo wengi tuna akaunti ya benki iliyofunguliwa tukiwa darasa la kwanza au hata kabla, yenye jina letu kamili kwenye kadi. Ukiuliza ni ya nani, kila mtu atasema "yangu". Nadhani hapo ndipo tunapojichanganya, kwa sababu benki haitoi hela kwa kuangalia jina. Inaangalia nani ameandikwa kwenye fomu kuwa mwenye kuweka saini.

Sababu yake ni ya kisheria. Tanzania utu uzima unaanza miaka 18, na aliye chini ya hapo hawezi kuingia mkataba. Akaunti ni mkataba. Kwa hiyo mzazi anafungua kwa jina la mtoto, anapeleka cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho chake yeye, kisha saini inayobaki kwenye faili ni yake. Yeye ndiye anayetoa hela na ndiye anayeweza kuomba taarifa ya akaunti. Mzazi wa pili, kama hakuandikwa, akifika dirishani anarudishwa kama mtu wa barabarani, hata kama ni baba mzazi kabisa. Na kama wazazi wote wawili wameandikwa, swali linabaki moja: je, waliweka tiki kwenye "yeyote kati yao" au "wote wawili kwa pamoja"? Kitiki hicho kimoja ndicho kinachoamua kama mmoja anaweza kumaliza akiba bila mwenzake kujua.

Jamaa yangu mmoja wa mwaka wa pili alikutana na haya mwaka jana. Mama yake, aliyeko Songea, alikuwa akimwekea shilingi 10,000 kila mwezi kwa miaka 12. Ukipiga hesabu ni 1,440,000. Jamaa ana miaka 19, kitambulisho cha NIDA anacho, akaenda tawini hapa Dar kutoa 700,000 za kompyuta. Akagonga mwamba. Mhudumu alimwonyesha kwa adabu tu: jina lako, saini ya mama. Kutimiza miaka 18 hakubadilishi faili lenyewe. Ilibidi mama aende tawi la Songea kusaini kuachia usimamizi, na yeye ajaze fomu mpya huku na picha na saini yake. Baada ya hapo tu ndipo alipotambulika kama mteja.

Akachukua taarifa ya miaka yote, akakuta salio ni 840,000. Mama alikuwa ametoa 600,000 kwa awamu tatu. Jamaa alirudi hosteli amenuna, anaongea kama mtu aliyeibiwa. Tukakaa naye tukaangalia tarehe. Zote tatu zilikuwa Julai, mwaka aliokwenda kidato cha tano: godoro, tranka, sare, nauli. Hela ile inatakiwa itumike kwa manufaa ya mtoto, na ndivyo ilivyotumika. Lakini tuwe wakweli, benki yenyewe haikuuliza za nini. Ingekuwa mzazi amelipia deni lake mwenyewe, karatasi ingeonyesha tarehe na kiasi vilevile, kwa sababu kinachokaguliwa dirishani ni saini. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kumwomba mzazi akuonyeshe taarifa ni utovu wa adabu. Mtoto wa kidato cha tatu anaweza kabisa kukaa na mama yake wakaisoma pamoja mara moja kwa mwaka.

Kisa hakikuishia hapo. Siku mbili baadaye jamaa alitoa 50,000 kwenye mashine, na kabla hajaiweka mfukoni simu ikaita: "Mwanangu, hamsini yote ya nini?" Saini ilikuwa imebadilishwa, namba ya simu bado. Meseji za benki zinakwenda kwa namba iliyosajiliwa, na kuibadilisha ni ombi lingine. Kwa hiyo mama hakuwa tena na uwezo wa kutoa hata senti, ila alikuwa akiona kila kitu.

Wapo wanaotaka ibaki hivyo, kwamba jicho la mzazi linatuzuia kumaliza bumu wiki ya kwanza. Naheshimu, lakini basi iwe kwa makubaliano, siyo kwa sababu namba ilisahaulika. Na wale wanaohofia kwamba mama akiondolewa atashindwa kuwatumia hela, hofu hiyo haina msingi: kuweka hela hakuhitaji saini ya mwenye akaunti wala ruhusa ya kuona salio, namba ya akaunti inatosha.

Kinachoniudhi zaidi ni njia ya mkato tunayoipenda, ya kubaki na kadi ya mama na namba yake ya siri. Inafanya kazi vizuri hadi kadi imezwe na mashine. Hapo anayetakiwa kwenda kuidai ni mwenye saini, na mwenye saini yuko Songea.