Muhuri wa Kaunti Hauonyeshi Bomba Lilipopita

Kuanzia Diani hadi Msambweni, mwulize mwenye nyumba michoro ya jengo lake, atakuletea karatasi zenye muhuri wa Kaunti ya Kwale. Yeye huamini zinatosha. Lakini karatasi hizo zinaeleza jengo lilivyoruhusiwa kujengwa, hazielezi lilivyojengwa.

Tofauti hiyo huletwa na ardhi yenyewe. Mwambao huu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Tuseme mchoro umeweka tangi la maji taka nyuma ya jiko. Vijana wanachimba, wanakutana na jiwe lililoshinda sururu, tangi linahamishiwa upande wa lango, na bomba linafuata njia mpya. Yote yanafukiwa. Siku chemba itakapofurika, fundi atavunja sakafu pale mchoro ulipomtuma, asikute kitu.

Wengine husema, “Mkandarasi tunamjua, tutampigia simu.” Anayejua bomba lilipo ni fundi aliyelilaza, naye keshahamia kazi nyingine. Ndiyo maana michoro ya jengo lilivyojengwa huandaliwa mitaro ikiwa bado wazi: kila kona ya bomba ipimwe kutoka pembe mbili za ukuta, ipigwe picha futi ikiwa imelazwa kando yake. Ukikabidhiwa michoro, ijaribu. Chagua chemba tatu, pima, vifuniko vifunuliwe. Zisipokuwepo palipoandikwa, umepewa michoro ya kaunti iliyobadilishwa tarehe tu.

Kwenye vifaa, watu hudhani waranti huanza siku wanapopokea funguo. Waranti nyingi huhesabiwa tangu siku ya kununua. Pampu ya kisima iliyonunuliwa Januari kwa waranti ya miezi 12, nyumba ikakabidhiwa Septemba, imebakiwa na miezi minne tu. Kwa hiyo omba risiti yenye namba ya kifaa, na waranti ihamishwe kwa jina lako. Kisha soma kitabu cha maelekezo: kama mtengenezaji wa kiyoyozi anataka kisafishwe chumvi kila baada ya muda fulani, ukiacha anaweza kukataa dai lako. Hapa upepo wa bahari hauna likizo.

Kuna wanaoona kudai karatasi ni kumkosea mkandarasi imani. Sivyo, ikiwa sharti limo kwenye mkataba na kazi hiyo imewekewa bei tangu mwanzo. Chukua mkataba wa shilingi milioni 12 unaozuia asilimia 5, yaani 600,000. Kwa desturi nusu hutolewa jengo likikamilika, nusu baada ya kasoro kurekebishwa. Andika kwamba jengo halihesabiwi kukamilika kabla ya michoro, waranti na vitabu kufika. Ukishalipa zote ndipo uulize, utakuwa unaomba hisani.

Basi usitie saini ya kupokea nyumba ukiwa umeshika funguo peke yake.