Jenereta ya pili huenda isiwe jawabu

Wengi wetu tunakikumbuka kiza cha Unguja cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, ulipokatika umeme wa bara unaopita chini ya bahari. Tuliopo Ghuba tulichangishana kuwanunulia wazee majenereta. Tulihesabu bei na mafuta. Hatukuhesabu mashine itakaa mbovu muda gani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua mfano wa jenereta inayofanya kazi kwa wastani saa 500 kabla ya kuharibika, kisha ikakaa saa 50 mbovu kwa kuwa kipuri kinasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Gawa 500 kwa 550: umeme upo asilimia 91 ya wakati. Katika siku 90, nyumba hukaa kiza kama siku 8. Kipuri kikiwapo nyumbani na matengenezo yakachukua saa 10, kiza hushuka chini ya siku 2.

Ukiongeza jenereta ya pili kama ile, zidisha sehemu za ubovu: 0.09 × 0.09. Kiza hakifiki asilimia 1, yaani kama saa 18 tu. Lakini hesabu hiyo husimama iwapo hakuna kitu cha kuziangusha zote pamoja. Zikinywa dizeli ya pipa moja lililoingia maji, zote huzima usiku mmoja. Swichi moja ya kubadilishia umeme ikiungua, ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa za mashine ya pili, tuma vipuri vya ile ya kwanza, na uulize mafuta yanawekwa wapi.