Saa ya Dashibodi Si Tarehe ya Takwimu

Desturi ya kulisha dashibodi kwa lahajedwali zinazoambatishwa katika barua pepe yafaa kutazamwa kwa makini. Kila asubuhi programu huhifadhi kiambatisho kipya mahali pa kile cha jana, kisha dashibodi hukisoma. Tuseme barua ya Jumanne haikufika. Programu itasoma tena faili la Jumatatu bila kuona kosa, na dashibodi itaandika "imesasishwa Jumanne". Hivyo wanafunzi 412 waliohudhuria Jumatatu watadhaniwa kuwa wa Jumanne. Kwa maoni yangu, dashibodi ionyeshe tarehe ya karibuni kabisa iliyomo ndani ya lahajedwali. Isiposogea, itoe onyo. Hata hivyo, onyo hilo halitamgundua mtumaji aliyebadili tarehe tu na kuziacha tarakimu za jana.