Kadi ya Mihuri: Anza na Maneno, Picha Baadaye

Jirani yangu mwenye duka alichapisha kadi za mihuri mwaka jana. Zilikuwa maridadi kweli: rangi mbili, picha ya kikapu, visanduku kumi, na chini yake maneno haya: "Kila ukinunua, pata muhuri. Kadi ikijaa, pata zawadi kubwa!" Baada ya wiki tatu alizitupa zote.

Kilichomshinda ni yale maneno. "Kila ukinunua" haikusema unanunua kiasi gani. Watoto walitumwa sukari robo, wakarudi kwa kiberiti, wakarudi tena kwa chumvi, na kila safari wanadai muhuri. Mzee mmoja aligawa manunuzi ya shilingi 300 mara nne pale pale kaunta. Halafu ile "zawadi kubwa" ikaleta vita. Mama wa kwanza kujaza kadi alisema, "Nimekuja kuchukua unga wangu." Jirani yangu alikuwa amemwekea kikombe cha plastiki. Huyo mama siku hizi ananunua duka la ng'ambo ya barabara.

Mimi naichukulia kadi ya mihuri kama deni. Ukigonga muhuri wa kwanza umeanza kukopa, na mteja ndiye anayekudai. Kwa hivyo kabla hujaenda saiba kuchapisha, keti chini na kalamu uandike deni lenyewe ni la nini.

Tuseme duka lako linabaki na faida ya shilingi 10 kwa kila 100 unayouza. Muhuri mmoja ukiwa wa manunuzi ya shilingi 200, kadi iliyojaa ni mauzo ya 2,000, na faida yako ni 200. Ukitoa mkate uliokugharimu 60, unabaki na 140. Ukitoa kilo ya sukari iliyokugharimu 140, unabaki na 60, na hapo umewatumikia watu bure.

Lakini hata hiyo hesabu ya mkate ina shimo. Kama mteja angenunua hizo 200 zake mara kumi bila kadi, umempa mkate wa bure tu. Kadi inalipa pale inapomsogeza. Chukua mteja ambaye kwa kawaida ananunua za 150, faida yako ni 15. Kadi ikimpandisha hadi 200, umeongeza faida ya 5 kila mara, yaani 50 kwa kadi nzima, na mkate ni 60. Bado uko chini. Lakini kama mara mbili kati ya hizo kumi angeenda kwa jirani, sasa bila kadi ungepata 120 tu. Umepata 200, ukatoa mkate, umebaki na 140. Umesonga mbele kwa shilingi 20. Ni kidogo, ndiyo, ndiyo maana nasema usiwe mkarimu kuliko faida yako. Kinyozi au muuza chai ana nafasi kubwa zaidi, kwa sababu kikombe cha kumi na moja hakimgharimu sana. Duka la unga na sukari halina hiyo nafasi.

Kwa hivyo chagua kiwango kilicho juu kidogo ya kile wateja wako wengi wananunua kwa mara moja. Angalia jumbe za malipo kwenye simu yako za wiki mbili zilizopita, utakiona. Kisha andika hivi nyuma ya kadi:

"Nunua na ulipe shilingi 200 au zaidi kwa mara moja, upate muhuri mmoja. Mihuri 10 ikijaa, chukua mkate mmoja wa gramu 400 bure. Haihusu kredit, tokeni za stima wala kutoa pesa. Kadi inaisha tarehe iliyoandikwa hapa: ______"

Kila neno hapo lina kazi. "Na ulipe" inafunga mlango wa daftari la madeni. Anayekopa atapata muhuri siku atakayolipa. "Kwa mara moja" inamzuia yule mzee wetu wa manunuzi manne. Kredit na tokeni zimeondolewa kwa sababu faida yake ni ndogo mno kubeba mkate. Uzito wa mkate umetajwa ili asidai ule mkubwa. Na tarehe, mimi ningeweka miezi mitatu, kwa sababu bei ya mkate ikipanda katikati ahadi yako haipandi nayo.

Sasa vipimo. Kadi ya milimita 85 kwa 55 inaingia kwenye pochi, na karatasi moja ya A4 inatoa kadi kumi. Ukiacha milimita 5 kila upande, visanduku vitano kwa safu vinapata milimita 15 kila kimoja, safu mbili, na juu panabaki nafasi ya jina la duka. Hapa ndipo wengi hukosea: wanachukua ule muhuri wa duka wa risiti, unameza visanduku vinne kwa mgongo mmoja. Mwambie fundi wa mihuri akutengenezee wa mviringo wa milimita 12. Tumia karatasi ya manila isiyong'aa. Ile inayong'aa wino haukauki, mteja akiitia mfukoni mihuri yote inakuwa doa moja.

Sahihi ndiyo sehemu inayodharauliwa zaidi. Wengi huweka mstari mmoja wa "Sahihi ya mteja," na haumsaidii mtu. Muhuri mdogo mtu yeyote anaweza kutengenezewa mjini. Mimi ningeweka nafasi mbili nyuma ya kadi, kila moja milimita 40 kwa 10. Ya kwanza ni "Imetolewa na," unayotia sahihi wewe mwenyewe unapotoa kadi, pamoja na namba ya kadi. Ya pili ni "Nimepokea mkate," anayotia mteja siku ya kuchukua, na tarehe. Kama una kijana wa kukusaidia dukani, aandike pia herufi mbili za jina lake juu ya kila muhuri anaogonga. Si kumshuku, ni kwamba siku marafiki zake watano wakileta kadi zilizojaa kwa wiki moja, utajua pa kuuliza. Na kwa malipo ya simu, agonge baada ya ujumbe kuingia kwenye simu ya duka, si baada ya kuonyeshwa simu ya mteja.

Jambo moja zaidi linafanya kazi kweli. Watafiti wawili, Nunes na Drèze, walichapisha mwaka 2006 jaribio la kituo cha kuosha magari. Wateja wengine walipewa kadi ya visanduku 8, wengine ya 10 yenye mihuri 2 tayari. Wote walihitaji kuosha gari mara 8. Waliojaza ya kwanza walikuwa asilimia 19, ya pili asilimia 34. Ukitaka kufanya hivyo, pandisha kiwango kwanza: mara 8 kwa shilingi 250 ni zile zile 2,000.

Chapisha 100 tu mwanzoni, maana zikijaa zote ni mikate ya shilingi 6,000. Kwenye daftari andika namba ya kadi, siku iliyotoka na siku iliyorudi. Inayorudi ikate pembe hapo hapo mbele ya mteja, uiweke kwenye bahasha. Kama mwezi umeisha na bahasha ni tupu, shusha kiwango. Ikiwa imejaa lakini mauzo hayajapanda, wale wangenunua tu, na hiyo kadi usiichapishe tena.