Kibali cha kupiga picha hakimfungi muuza sambaza

Na Zaituni Mukamana

Anayetaka kupiga video katika soko la Mbugangari, hapa Gisenyi, huanza na karatasi: kibali, barua ya utambulisho, simu kwa viongozi wa soko. Hayo ni ya lazima, na zaidi kwa sababu mpaka mdogo wa kwenda Goma, ule wa Petite Barrière, uko karibu, na askari na majengo ya mpakani si vitu vya kuelekezewa kamera kiholela. Lakini karatasi hiyo humfikisha mpigapicha langoni tu. Uso wa mama aliyeketi nyuma ya beseni la sambaza unaombwa kwa mama mwenyewe, kabla kamera haijawashwa, na akisema "oya", iwe imekwisha hapo hapo.

Wanaolalamika kwamba wachuuzi wa mpakani ni wakali hawajafikiria kazi yao. Wengi wao huvuka asubuhi na mzigo na kurudi jioni, na tangu M23 iteke Goma mwezi Januari 2025, picha ya mtu wa upande huu akicheka na mteja wa upande ule yaweza kuandikiwa maneno ambayo hakuyasema na kusambazwa kwenye simu za watu asiowajua. Yeye kesho atavuka tena. Mpigapicha atakuwa amesharudi Kigali. Bado sijataja mwenye deni asiyetaka kuonekana ana mzigo mpya, wala aliyechoka kuona umaskini wake ukipelekwa ng'ambo. Halazimiki kumweleza mgeni lolote kati ya hayo.

Vurugu nyingi za sokoni huletwa na namna ya kuingia. Kamera kubwa juu ya miguu mitatu huziba njia, watoto hujaa, mteja hupita mbali na meza, na mwenye meza hukasirika kwa haki. Kundi la watu watatu linatosha: wa kamera, wa sauti, na mpatanishi anayejua Kinyarwanda na Kiswahili cha Goma. Huyu wa tatu ndiye macho ya mwenzake, kwa sababu jicho lililo kwenye kamera halioni baiskeli ya magurudumu matatu inayokuja nyuma na magunia. Tuseme wanataka picha ya mama wa sambaza. Wafike kwanza bila kamera, wazungumze naye na pia majirani zake wa kulia na kushoto, maana fremu itawanasa hata hao. Warudi asubuhi mapema. Karibu na adhuhuri jua letu husimama utosini na kuweka kivuli kizito machoni. Mama aketi mgongo ukielekea ukuta, ili wapita njia wasiingie pichani bila kujua. Umati upigwe kutoka ghorofani, mbali, nyuso zikiwa ndogo kiasi cha kutotambulika. Kelele nazo zina dawa nyepesi: maikrofoni ndogo ibanwe kwenye nguo karibu na kifua, kisha mvumo wa soko urekodiwe peke yake kwa dakika nzima. Bila mvumo huo, kila kipande kilichokatwa kitasikika kama mlango unaofungwa.

Wapo watakaosema kuomba ruhusa kunaua uhalisia, watu huanza kuigiza. Ni kweli kwa dakika kumi za mwanzo. Mteja akija na kuanza kubishana bei, muuzaji huisahau kamera. Picha ya kuibia hupata mtu anayejificha au anayegeuka na kufoka. Wengine watasema soko ni mahali pa wazi. Ni pa wazi kwa kununua na kuuza, na sheria yetu Na. 058/2021 ya kulinda taarifa binafsi inampa aliyekubali haki ya kuondoa ridhaa yake baadaye. Kwa hiyo mpatanishi aandike daftarini jina, meza na saa ya kila picha, la sivyo siku mama atakapopiga simu hakuna atakayejua aondolewe wapi. Pingamizi ninaloliheshimu ni la mwandishi wa habari: ofisa anayepokea rushwa hataombwa ruhusa. Nakubali. Hiyo ni habari ya mwenye madaraka na tendo lake, na hata hapo uso wa mchuuzi anayetozwa unastahili kufichwa.

Limebaki suala la pesa. Kulipia uso kunanunua ndiyo ya mwenye njaa, na meza ya pili itataka zaidi. Lakini saa moja ambayo wateja wameikwepa meza ni hasara ya kweli, na hasara hiyo ilipwe: wakubaliane bei ya beseni kabla, kundi lilinunue lote, na sambaza ziliwe jioni hiyo.