ASILIMIA 9 YA BENKI: UNAVUNA NGAPI HASA?

Kuna namba moja ambayo kila kijana wa mjini mwenye vijisenti vyake anapaswa kuijua kabla ya kumkabidhi mtu yeyote. Namba hiyo ni 72. Ukiigawa kwa asilimia ya faida ya mwaka, unapata idadi ya miaka ambayo fedha yako itachukua hadi kuzaa mara mbili, mradi faida usiile bali uiache izaliane na mtaji.

Tuseme benki inakuahidi asilimia 9 kwa amana ya muda maalumu. 72 gawa kwa 9 ni 8. Basi bango linakupa picha kwamba milioni yako itakuwa milioni mbili baada ya miaka 8. Hapo ndipo wengi wetu tunapoingizwa mjini, maana hiyo ni hesabu ya bango, si hesabu ya mfuko wako.

Tuipige upya. Milioni 1 kwa asilimia 9 inazaa shilingi 90,000 kwa mwaka. Kabla hujaigusa, kodi ya zuio ya asilimia 10 ya riba inakatwa, yaani 9,000. Unabaki na 1,081,000. Lakini mwaka huo bei nazo hazikulala. Kama zimepanda kwa asilimia 4, bidhaa uliyoweza kuinunua kwa milioni 1 sasa inauzwa 1,040,000. Ziada yako halisi ni 41,000, na kwa thamani ya shilingi ya mwaka uliopita ni kama 39,000. Hiyo ni asilimia 3.9. Gawa sasa 72 kwa 3.9: miaka 18 na ushei ndipo uwezo wako wa kununua utakapokuwa maradufu. Bango lilisema 8!

Hata hivyo, huyo wa asilimia 9 anasogea mbele. Anayelia ni mlalahoi mwenye akaunti ya kawaida ya akiba. Chukua laki 5 kwa riba ya asilimia 3, na ada ya akaunti shilingi 1,500 kwa mwezi. Riba ya mwaka ni 15,000, kodi 1,500, inabaki 13,500. Ada ya miezi 12 ni 18,000. Umeshaliwa 4,500 kabla hata ya kutaja bei za sokoni. Ukiongeza mfumuko wa asilimia 4, umepoteza karibu asilimia 4.7 ya uwezo wako. 72 inafanya kazi hata kinyumenyume: baada ya miaka kama 15 nusu ya thamani imeyeyuka, na daftari la benki halitakuonyesha.

Angalia pia ada hiyo inavyombagua mnyonge. Kwa mwenye milioni 10, shilingi 18,000 ni chini ya asilimia 0.2. Kwa mwenye laki 2 ni asilimia 9 nzima. Ndiyo maana ada iulizwe kwa shilingi, kisha uigawe kwa mtaji wako mwenyewe.

Mfumuko wa bei usiukadirie kijiweni. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huutangaza kila mwezi. Mwaka 2023 na 2024 ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4. Mwaka 1995 ulizidi asilimia 25, maana yake bei zilikuwa na kasi ya kujizidisha mara mbili ndani ya miaka mitatu hivi. Riba ya asilimia 20 wakati huo ilikuwa hasara.

Namba hii ina mipaka yake. Inalenga vizuri kati ya asilimia 6 na 10. Faida ikiwa kubwa sana inaanza kupinda. Lakini hata ikipinda inatosha kumuumbua tapeli. Anayekuambia fedha itazaa mara mbili kwa miezi mitatu anadai, kwa 72 gawa kwa 3, faida ya asilimia 24 kwa mwezi. Kwa hesabu kamili ni 26. Kwa mwendo huo laki 1 inakuwa milioni 1.6 kwa mwaka, na milioni 25.6 kwa miaka miwili. Biashara gani hiyo? Waliopanda “mbegu” DECI, hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, wanalijua jibu: mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za waliofuata.

Basi, atakapokuja mtu na asilimia zake, mwulize mambo matatu: kodi kiasi gani, ada shilingi ngapi, na fedha nikiitaka kabla ya muda nitakatwa nini. Toa hayo, toa na mfumuko wa bei, kisha ndipo ugawe 72. Kama kilichobaki ni sifuri au chini yake, msomaji, hapo hukuwekeza. Umelipia kutunziwa fedha.