Milioni ya Lini?

Mwaka 2009 wakala wa bima aliketi sebuleni kwa shangazi yangu, akanywa chai yake, akamwandikia namba kwenye karatasi: shilingi 500,000. Hizo angelipwa baada ya miaka 15, karo ya chuo ya kitindamimba wake. Yeye atoe 2,500 tu kila mwezi. Shangazi hakukosa hata mwezi mmoja, na 2024 kampuni ikamlipa hadi shilingi ya mwisho. Mkataba haukuvunjwa, na hapo ndipo hasira yangu ilipo: ameporwa kihalali, kwa risiti na mhuri.

Karatasi ile haikusema nusu milioni hiyo itanunua nini siku ikifika. Na hesabu yenyewe haihitaji hata kikokotoo. Chukua 70, ugawe kwa kiwango cha mfumuko wa bei; jibu ni miaka ambayo pesa yako itapoteza nusu ya thamani. Benki Kuu ya Kenya hulenga asilimia 5, ikikubali ipande au ishuke kwa 2.5. Sabini kwa 5 ni miaka 14. Yaani hata Benki Kuu ikifaulu kabisa, shilingi unayoificha leo itakuwa thumni karibu na wakati mtoto anayeanza chekechea leo anapomaliza sekondari. Kwa 7.5 ni miaka 9 na ushei. Wapo wanaogawa 50 kwa 5 na kupata miaka 10. Wanakosea, maana kila mwaka mfumuko hula kilichosalia, si kile cha mwanzo.

Sasa tumfanyie shangazi hesabu, tena kwa huruma ya asilimia 5, ingawa mwezi Novemba 2011 mfumuko ulikaribia 20. Bei zikipanda hivyo kwa miaka 15, cha shilingi 100 kinakuwa cha 208. Basi nusu milioni ya 2024 ni kama 240,000 za 2009. Yeye alitoa jumla ya 450,000, na kwa kuwa shilingi zake za mwanzo zilikuwa nzito na za mwisho nyepesi, ukizipima zote kwa bei za 2009 unapata karibu 320,000. Alitoa 320,000, akarudishiwa 240,000. Ndiyo, angefariki katikati mtoto angelipwa, na kinga hiyo ina gharama yake. Lakini aliuziwa akiba, na hakuna aliyemwambia kuwa 80,000 zinabaki kwa mwenye duka.

Sheria ilazimishe kampuni za bima: kando ya namba ile kubwa iandikwe ya pili, thamani yake kwa bei za leo, kwa maandishi ya ukubwa uleule. Wakigoma, tutajua kwa nini.

Juzi wakala mwingine alimfuata dada yangu na milioni moja ya miaka 20 ijayo. Dada akamuuliza, "Milioni ya lini?" Kijana wa watu akaomba maji ya kunywa.